Ule mstari kwenye picha ya kifua cha mpwa wangu

Mpwa wangu alikuwa ameketi barazani kwa bibi yake, Ngamiani, Tanga, barabara ya nane, akimenya chungwa. Hakuwa amebeba mzigo wala hakutoka kukimbia. Ghafla akasikia mchomo upande wa kulia, chini ya mtulinga, ukampanda hadi begani. Akajaribu kuvuta pumzi ndefu ikakatikia katikati. Bibi yake akasema ni kichomi, akampaka mafuta ya karafuu. Usiku akalala akiegemea mito kwa sababu kila akilala chali kifua kilimbana.

Ana miaka 22, ni mrefu kupita wote kwenye ukoo wetu, na mwembamba kama mwanamwali wa mnazi. Anavuta sigara, jambo ambalo mama yake alilijua siku hiyo. Nayaandika haya kwa kuwa ndiyo maelezo ya kawaida kabisa ya mtu ambaye pafu lake hutoboka lenyewe: kijana wa kiume, mrefu, mwembamba, mvutaji, na mara nyingi tukio humkuta ametulia tu. Kileleni mwa pafu huwa kuna vilengelenge vidogo vya hewa vyenye ngozi nyembamba. Kimoja kikipasuka, hewa huvuja kutoka ndani ya pafu na kuingia kwenye nafasi iliyopo kati ya pafu na ukuta wa kifua.

Kesho yake walimpeleka kwenye kituo kimoja cha afya, akapigwa picha, wakaambiwa mapafu yako sawa, akapewa dawa za kichomi. Dada akaipiga ile filamu picha kwa simu na kunitumia. Mimi kazi yangu ni kupiga picha za eksirei, mwaka wa kumi na saba huu, na ndugu wote wanajua wanitumie mimi. Nikaivuta kwenye simu, nikaikuza, sikuona kitu. Lakini dada aliponiambia kwamba mtoto bado anapumua kwa kukatakata, nikamwomba aniletee filamu yenyewe. Picha ya picha haifai kwa ugonjwa huu, maana kinachotafutwa ni kitu chembamba kama uzi, na simu hulainisha vitu vya namna hiyo hadi vikapotea.

Nilipoishika mkononi na kuielekeza dirishani, nilianza juu kabisa, kileleni mwa pafu la kulia. Mtu akisimama hewa hupanda, kwa hiyo huko juu ndiko inakojikusanya kwanza. Nikazifuata nafasi za kati ya mbavu moja baada ya nyingine, kila moja nikiilinganisha na mwenziwe wa kushoto. Kushoto, vijishipa vya damu vilikuwa vinasambaa kama mizizi, vikizidi kuwa vyembamba kadiri vinavyokwenda pembeni, lakini vinafika karibu kabisa na mbavu. Kulia vilikuwa vinakuja vizuri, halafu vinakoma. Na pale vilipokoma palikuwa na mstari.

Mstari wenyewe nataka niueleze vizuri kwa sababu ndio habari yote. Ulikuwa mweupe, mwembamba kuliko ncha ya kalamu, ukiinama sambamba na ukuta wa kifua kama pindo la kanga. Ndani yake kulikuwa na weusi wa pafu wenye vijishipa. Nje yake kulikuwa na weusi mtupu, msafi, hauna hata kijishipa kimoja. Huo mstari ni utando wa pafu lenyewe, ambao kwa kawaida hauonekani kwa kuwa umegusana na ukuta wa kifua. Hewa ikiingia katikati na kuvitenganisha, utando unabaki umezungukwa na hewa pande zote mbili, ndani hewa ya pafu, nje hewa iliyofungiwa, na hapo ndipo unapojitokeza. Madaktari huuita ugonjwa huu nyumothoraksi. Sisi tunasema tu hewa kifuani, ingawa jina hilo huwachanganya watu, kwani kifuani hewa ipo siku zote. Shida ni kuwa nje ya pafu.

Kabla ya kumpigia dada simu nilijiuliza swali ambalo kila anayesoma picha hizi anapaswa kujiuliza: je, huu ni mstari kweli? Kuna vitu vinavyoiga. Ukingo wa bapa la bega hushuka kwenye picha kwa mwinamo unaofanana sana, na ndiyo sababu tunamwambia mgonjwa aweke mikono kiunoni na kusukuma viwiko mbele, ili mabega yatoke njiani. Mwigaji mbaya zaidi ni mkunjo wa ngozi mgongoni, hasa kwa mzee aliyekonda aliyepigwa picha akiwa amelala juu ya kaseti, lile bapa linalobeba filamu. Mkunjo hutoa ukingo, siyo uzi: upande mmoja kijivu kinachokolea polepole, kisha ghafla cheusi. Ukiufuata unakuta unavuka mbavu na kutoka nje ya kifua, au vijishipa vinaupita kana kwamba haupo. Nimewahi kuona mgonjwa akiandaliwa kuwekewa mrija kwa ajili ya mkunjo wa ngozi. Picha ya pili, ngozi ikiwa imenyooshwa, ndiyo iliyomwokoa.

Wa mpwa wangu ulikuwa uzi. Haukutoka nje ya kifua na hakuna kijishipa kilichouvuka. Nikamwambia dada wakutane nami hospitali.

Tukampiga picha nyingine amesimama, kifua kwenye ubao, pumzi imevutwa na kushikiliwa. Daktari wa zamu akaja tukaitazama pamoja kwenye skrini. Jambo la kwanza alilolitazama halikuwa mstari. Alitazama koo na moyo kama vimesukumwa upande wa kushoto, halafu akamgeukia kijana mwenyewe. Mapigo 88 kwa dakika, pumzi 18, oksijeni asilimia 97 kwenye kile kifaa cha kidoleni, anaongea sentensi nzima bila kutweta. Maumivu yalikuwa yamepungua kuliko jana. Ndipo akarudi kwenye skrini na kupima.

Alipima kwenye usawa wa mzizi wa pafu, mahali mishipa mikubwa inapoingilia. Kutoka kwenye ule mstari hadi ukingo wa ndani wa mbavu ilikuwa sentimita 1.2. Upana wa nusu ile ya kifua, sentimita 12. Dada, aliyekuwa amesimama nyuma yetu, akasema, "Basi ni sehemu moja ya kumi tu, alhamdulillah." Hapo daktari akamkatiza kwa upole, na mimi naona watu wengi wangekosea kama yeye. Kwenye picha tunaona upana, lakini pafu lina ujazo. Pafu lililobaki lilikuwa na sentimita 10.8 kati ya 12, yaani 0.9. Ukiizidisha 0.9 kwa 0.9, halafu tena kwa 0.9, unapata 0.729. Maana yake pafu lilikuwa limebaki na asilimia 73 hivi ya nafasi yake, na hewa imechukua asilimia 27, zaidi ya robo. Kwa hesabu hiyohiyo, pengo la sentimita 2 kwa mtu wa kawaida linakaribia nusu ya kifua. Hesabu hii inachukulia kwamba pafu husinyaa sawasawa kila upande kama puto, na kwa kweli halifanyi hivyo, kwa hiyo ni makadirio. Lakini inatosha kumfundisha mtu asidharau upenyo mwembamba.

Hizo sentimita 2 zina historia. Miongozo ya Uingereza ya 2010 iliuweka hapo mpaka kati ya hewa ndogo na kubwa, ikipimwa kwenye mzizi wa pafu. Wamarekani wao walipima kutoka kileleni na kuweka sentimita 3. Kwa hiyo mtu mmoja, kwa picha ileile, angeweza kuitwa mwenye hewa ndogo kwa kipimo kimoja na kubwa kwa kingine. Mwongozo mpya wa Uingereza wa 2023 umeacha kuutegemea ukubwa peke yake. Unauliza kwanza mgonjwa anajisikiaje na kama ana dalili za hatari. Ndivyo alivyofanya daktari wetu alipomgeukia kijana kabla ya kushika kipimo.

Kisha akasema neno lililomkasirisha dada: "Huyu hatutamtoboa. Tutamwangalia."

Namwelewa dada. Amesikia kuna hewa mahali pasipotakiwa, na mtu aliyesomea anasema iachwe. "Kwa nini wasiitoe? Wameishiwa vifaa?" aliniuliza pembeni. Nikamketisha kwenye benchi nikamweleza kama ninavyowaeleza ninyi.

Kuitoa ile hewa kwa mrija maana yake ni kukata ngozi kati ya mbavu, kupitisha mpira hadi ndani, na kuuunganisha na chupa yenye maji ili hewa itoke isirudi. Ni tiba nzuri inayookoa watu kila siku. Lakini inauma siku zote mrija unapokaa, inaweza kuingiza vijidudu, inaweza kugonga mshipa wa damu, na inamlaza mtu kitandani kwa siku kadhaa. Kwa kijana anayepumua vizuri, ambaye tundu lake pengine limeshajiziba, faida ya kuyapitia yote hayo inabidi iwe kubwa kweli.

Tena mwili una njia yake ya kuinywa hewa hiyo. Jambo hili hunifurahisha kila nikilieleza. Damu inayorudi kutoka kwenye nyama za mwili huwa imeshaacha oksijeni njiani. Kanieneo ya oksijeni ndani yake inashuka kutoka kama milimita 100 za zebaki hadi 40, yaani inapungua 60. Kabonidioksidi inayochukua nafasi hiyo inaongezeka kidogo tu, kutoka 40 hadi 46. Hesabu haifungi: damu inabaki na upungufu wa kama milimita 54 ukilinganisha na hewa ya nje. Hewa iliyofungiwa kifuani inakaa jirani na damu hiyo yenye upungufu, kwa hiyo inapenya kidogo kidogo kuingia kwenye damu na kuchukuliwa. Ni polepole kwa sababu sehemu kubwa ya hewa ni naitrojeni, na naitrojeni haina haraka. Kasi iliyopimwa ni kati ya asilimia 1.25 na 2.2 ya ujazo wa upande ule wa kifua kwa siku. Kwa asilimia 27 za mpwa wangu, hiyo ni kati ya siku 12 na 22. Anayelazwa na kupewa oksijeni ya kutosha huharakishiwa, kwani oksijeni huifukuza naitrojeni kwenye damu na kuliongeza lile pengo. Lakini hakuna anayelazwa kwa ajili ya oksijeni hiyo peke yake kama anapumua vizuri.

Dada akauliza kama jambo hili limejaribiwa au ni maneno ya darasani. Limejaribiwa, tena kwa watu wenye hewa nyingi kuliko ya mwanawe. Mwaka 2020 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa Australia na Nyuzilandi uliowachukua watu 316 wa miaka 14 hadi 50, ambao pafu lilitoboka lenyewe kwa mara ya kwanza na hewa ilikuwa ya wastani au nyingi. Baadhi waliwekewa mrija, wengine wakaangaliwa tu. Baada ya wiki 8 pafu lilikuwa limejaa tena kwa asilimia 98.5 ya waliowekewa mrija na asilimia 94.4 ya walioangaliwa, kwa wale ambao picha zao zilipatikana. Kati ya walioangaliwa, kama asilimia 15 ilibidi hatimaye watolewe hewa. Hilo la mwisho sikumficha dada. Kuangaliwa hakumaanishi kwamba mrija hautahitajika kamwe, na mtu anayeambiwa arudi nyumbani anapaswa kulijua hilo.

Kuangaliwa ni kazi. Hakuondoka hapo hapo. Alikaa saa nne kwenye benchi, kisha nikampiga picha ya pili, mkao uleule, pumzi ileile. Nilirudia kila kitu kwa makusudi, maana picha iliyopigwa pumzi ikiwa nje hulifanya pafu lionekane dogo na pengo lionekane limekua, na mtu angeshtuka bure. Sentimita 1.2 vilevile. Pengo lingeongezeka, tafsiri yake ingekuwa kwamba tundu bado linavuja, na mpango wote ungebadilika. Daktari alitaka pia kujua analala wapi, na nani, na ni umbali gani hadi hospitali usiku wa manane. Mtu anayeishi peke yake, au kijiji cha mbali cha kufikia kwa mashua, nisingependa aangaliwe nyumbani hata kama pengo lake ni dogo kuliko hilo.

Alipitia pia sehemu nyingine zote za picha kutafuta kama kuna ugonjwa uliosababisha. Huku kwetu huwezi kuona hewa kifuani ukaacha kufikiria kifua kikuu. Alitafuta mashimo na mabaka juu ya mapafu, akaagiza makohozi yapimwe, yakatoka safi. Kama pafu lingekuwa tayari limeharibiwa na kifua kikuu au na moshi wa miaka mingi, pengo lilelile la sentimita 1.2 lingekuwa habari nyingine kabisa. Pafu zima lina akiba na linavumilia kupoteza robo. Pafu bovu halina akiba, na mgonjwa wa namna hiyo hulazwa hata kwa pengo ambalo kijana angeenda nalo nyumbani.

Maagizo aliyopewa bibi, kwa kuwa bibi ndiye angelala chumba kimoja naye, yalikuwa machache. Akianza kutweta, akishindwa kumaliza sentensi, akitoka jasho la baridi, midomo ikibadilika rangi au mishipa ya shingo ikivimba, apelekwe usiku huohuo. Hizo ni dalili kwamba tundu limegeuka kuwa kama vali ya pampu ya baiskeli: kila pumzi inaingiza hewa na haitoki. Hewa hiyo hulibana pafu lote, huusukuma moyo upande wa pili na kuzuia damu kurudi moyoni. Kwenye picha utaona koo limehama, kiwambo kinachotenganisha kifua na tumbo kimebonyea chini na pafu limebaki kama ngumi. Lakini nawaambia wanafunzi wangu kwamba picha hiyo bora wasiipige kamwe. Mgonjwa wa hali hiyo anatolewa hewa kwa sindano pale alipo, kwa kumtazama tu na kumsikiliza kifua, na dakika za kumsukuma hadi chumba cha eksirei zinaweza kummaliza.

Hayakumpata hayo. Siku ya saba alikuja amevaa fulana safi, akanipa shikamoo mjomba kwa sauti nzima. Pengo lilikuwa sentimita 0.8. Tukafanya ile hesabu tena mbele yake: 11.2 kwa 12, hewa imebaki asilimia 19. Zimeondoka 8 kwa siku saba, kama asilimia 1.2 kwa siku, mwendo wa pole lakini wa kueleweka. Dada alikuwa na wasiwasi kwamba ni kidogo mno. Nikamwonyesha kijishipa kimoja, kwenye nafasi ya ubavu wa nne, ambacho wiki iliyopita kiliishia mbali na sasa kilikuwa kimesogea pembeni. Akaweka kidole kwenye skrini akakifuata mwenyewe.

Siku ya 22 niliutafuta mstari kwa dakika nzima. Nilianza kileleni, nikashuka nafasi kwa nafasi, nikaibadilisha picha weusi uwe weupe kisha nikairudisha. Vijishipa vilikuwa vinafika mbavuni pande zote mbili.

Alikuwa na safari ya Pemba, harusi ya binamu yake, na alitaka kupanda ndege. Daktari akamwambia asubiri siku saba kamili kutoka kwenye picha hiyo safi. Angani hewa iliyofungiwa hutanuka, na hata kabaki kadogo tusikokaona kasipewe nafasi. Sigara aliambiwa aache siku hiyohiyo, kwa kuwa karibu mtu mmoja kati ya watatu hurudiwa, wengi ndani ya mwaka wa kwanza, na mvutaji hurudiwa zaidi.

Kisha likaja lile la bahari. Wakati wa bamvua huenda Sahare na wenzake kuzamia pweza, na anajua kushuka. Aliuliza akiwa ameinamisha kichwa, kama aliyekwisha kujua jibu. Daktari akachukua karatasi, akachora mstari wa maji. Kwenye kina cha mita 10, alisema, kanieneo ni mara mbili ya juu. Mtu anayevuta hewa ya mtungi au ya kompresa huko chini, pafu likimtoboka, hewa iliyovuja itakuwa mara mbili kwa ukubwa atakapofika juu, ndani ya kifua kisichotanuka. Huyo anaweza kufa kabla hajashika ngalawa. Kuzamia kwa pumzi zako mwenyewe hakuna hatari ileile, lakini pafu linaminywa na kutanuka kila ukishuka na kupanda, na kikitokea kitu uko chini ya maji. Kwa hiyo kwa mtungi au kompresa ni marufuku maisha yote, labda siku moja afanyiwe upasuaji wa kuyashikiza mapafu yote mawili kwenye ukuta wa kifua. Na kwa pumzi, ushauri wake ulikuwa aache.

Mpwa wangu aliikunja ile karatasi akaitia mfukoni. Bamvua lililofuata alikwenda Sahare na wenzake kama kawaida, ila alibaki kwenye ngalawa akishika kasia.